Dalali wa Anwani: Nani Anakuona Ukitumia VPN, na Nani Ukitumia Tor

Ukipita Makoroboi hapa Mwanza kutafuta fundi wa simu, kuna huduma siku hizi inatolewa kama nyongeza tu, sawa na kubandikiwa protekta ya kioo: "Nikuwekee na VPN, mama, ili usionekane?" Tangu mtandao wa X ulipofungiwa nchini Mei 2025, VPN imekuwa programu ya kila simu. Wengi waliitafuta ili wafike kwenye ukurasa uliofungwa, na kwa kazi hiyo imewafaa. Ninachogombana nacho ni ile ahadi ya kutoonekana. Fundi hasemi usionekane na nani, mteja naye haulizi, na jambo lote limelala hapo.

Maana kwenye intaneti hakuna kinachokuficha kwa watu wote kwa mpigo. Kila unachotuma kinapita mikononi mwa watu kadhaa, na kila mmoja anaona kipande chake. Huyu anajua wewe ni nani, yule anajua unakwenda wapi, wa tatu anajua ulichosema. VPN inahamisha vipande hivyo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Tor, mtandao wa vituo vya watu wa kujitolea unaopitia kwa kivinjari chake, inavitenganisha ili visikutane kwenye mkono mmoja. Hizo ni kazi mbili tofauti, na kila moja inakudai imani ya aina yake.

Tuchukue kisa kimoja tukifuate mpaka mwisho. Karani wa mapokezi kwenye kiwanda cha minofu hapa Mwanza (kiwanda cha mfano, msianze kukisia ni kipi) anaona kwamba usiku magari yanashusha sangara wadogo, walio chini ya sentimita 50 zinazotakiwa kisheria. Anapiga picha kurasa za daftari la mizani. Anataka kuzituma kwa gazeti moja la hapa nchini kupitia fomu iliyoko kwenye tovuti yake, na hataki mwajiri ajue nani katuma. Picha zote zina ukubwa wa MB 6, na anazituma saa tatu usiku na dakika kumi na nne.

Kwanza azitume hivihivi, kwa bando la simu yake, akiwa nyumbani Nyasaka. Kwenye seva ya gazeti utabaki mstari wa namna hii:

```
203.0.113.45 [12/Mar/2026:21:14:07 +0300] "POST /tuma-habari"
```

Namba ya mwanzo ndiyo anwani ya IP, ile inayoonyesha mawasiliano yametokea wapi kwenye intaneti. Hii na nyingine nitakazotumia zimetengwa kwa ajili ya mifano, hazina mwenyewe. Mhariri akiitafuta mahali ilipo ataambiwa ni ya kampuni fulani ya simu Tanzania, na huenda ramani ikamwonyesha Dar es Salaam badala ya Mwanza, kwa sababu data za simu hupita kwanza kwenye mitambo ya kampuni ndipo zitoke nje. Tena kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya nje kwa wakati mmoja. Ukiishia hapo utadhani karani amepotelea kwenye umati.

Hajapotea. Ili majibu yamrudie kila mteja kwenye simu yake, mitambo ya kampuni hupanga nani anatumia namba gani ya mlango kwa dakika ile, na mpangilio huo unaweza kuhifadhiwa. Laini yenyewe imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Kwa hiyo mtu mwenye mstari ule wa gazeti mkononi, na mwenye mamlaka ya kuidai kampuni ya simu kumbukumbu zake, anafika mlangoni Nyasaka bila jasho jingi.

Kampuni ya simu peke yake inaona nini? Tovuti ya gazeti inatumia HTTPS, lile kufuli kwenye kivinjari, kwa hiyo kampuni haioni picha, haioni maneno, wala haioni ni ukurasa upi umefunguliwa. Inaona jina la tovuti, kwa kuwa jina hupita wazi wakati mawasiliano yanafunguliwa, na inaona saa na ukubwa wa kilichopita. Gazeti kwa upande wake linaona yaliyomo yote pamoja na ile anwani. Na kama karani angetumia waifai ya kiwandani, yote inayoyaona kampuni ya simu angeyaona msimamizi wa mtandao wa kiwanda: simu fulani, tovuti ya gazeti, saa 21:14, MB 6. Huyo hahitaji amri ya mahakama kusoma ruta ya ofisi yake mwenyewe.

Sasa karani awashe VPN. Simu yake inafungua njia iliyosimbwa, yaani isiyosomeka na aliye njiani, hadi kwenye seva ya kampuni ya VPN, tuseme iko Uholanzi, na kila kitu kinapita humo. Kampuni ya simu haioni tena jina la gazeti. Inaona kwamba laini hii inaongea na 198.51.100.7 na kwamba zimepita MB 6 na ushee. Gazeti nalo halioni tena anwani ya Tanzania, linaona 198.51.100.7. Kwa macho ya haraka kazi imekwisha.

Lakini kampuni ya VPN iko katikati na inaziona pande zote mbili. Inaona anwani anayotokea karani na inaona jina la tovuti anayokwenda, kwa dakika ileile. Ndiyo nafasi ya dalali pale mwaloni Kirumba: mwenye mtumbwi hamjui mnunuzi, mnunuzi hamjui mwenye mtumbwi, lakini dalali anawajua wote wawili na anajua kilo ngapi zilipita na kwa bei gani. Siri yenu wawili ni siri ya dalali. Na huyu wa VPN pengine anajua na jina lako, maana ulimlipa kwa kadi ya benki au ulijisajili kwa barua pepe ileile unayotumia kila siku.

Kwa hiyo imani ambayo karani alilazimika kuwa nayo kwa kampuni ya simu sasa ameihamishia kwa kampuni asiyoijua ofisi wala mwenyewe. Hilo si lazima liwe baya. Kampuni ya simu iko hapahapa, chini ya mamlaka za hapahapa, na jina la karani inalo tayari. Kampuni ya VPN iko mbali, na mwajiri wa karani hana ujamaa nayo. Ila ahadi anayopewa, kwamba "hatutunzi kumbukumbu", hana namna ya kuihakiki akiwa nje. Kinachojulikana ni matukio yaliyowahi kuweka ahadi hizo kwenye mizani.

Mwaka 2017 huko Marekani, wapelelezi waliokuwa wakimsaka mtu aliyemtesa mwanamke mtandaoni waliomba kumbukumbu kwa kampuni ya PureVPN, iliyokuwa ikijitangaza kuwa haihifadhi nyendo za wateja. Kampuni iliweza kuonyesha kwamba mteja mmoja aliingia kutoka anwani mbili, ya nyumba aliyokuwa akiishi mtuhumiwa na ya ofisi aliyokuwa akifanyia kazi. Mtu huyo alistahili kukamatwa, sina huruma naye. Ninachokitazama ni kwamba kumbukumbu zilikuwapo. Mwaka 2020 watafiti walikuta kundi la VPN za bure zenye uhusiano na Hong Kong, zote zikidai hazitunzi chochote, zimeacha wazi mtandaoni hifadhidata yenye nyendo za wateja wao. Hapo hakuna mahakama iliyoomba. Ilikuwa wazi tu, mpita njia yeyote angeisoma.

Wako pia waliofaulu. Aprili 2023 polisi wa Sweden walifika na hati ya upekuzi kwenye ofisi ya Mullvad mjini Gothenburg wakitafuta taarifa za wateja, wakaondoka mikono mitupu. Mteja wa kampuni hiyo hatoi jina wala barua pepe, anapewa namba ya akaunti basi, na anaruhusiwa kutuma hata noti kwa posta. Tofauti ya kampuni hizi haikuwa kwenye nguvu ya usimbaji. Ilikuwa kwenye walichokiandika na walichokiacha bila kuandika, na hilo huwezi kulipima kwa kuangalia alama ya ufunguo inayowaka juu ya skrini.

Kuhusu VPN za bure, zile hasa anazoweka fundi wa Makoroboi, nina maneno makali zaidi. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa taasisi ya sayansi ya Australia, CSIRO, walichunguza programu 283 za VPN za Android. Asilimia 18 hazikusimba kitu kabisa. Asilimia 75 zilikuwa na vifaa vya watu wengine vya kufuatilia watumiaji. Ni utafiti wa zamani kidogo na programu zimebadilika, lakini hesabu ya biashara haijabadilika: seva inalipiwa kila mwezi, na kama mteja hatoi hela basi kuna kitu kingine anachotoa. Karani akiweka programu ya namna hiyo anaruka majivu anakanyaga moto.

Hata VPN nzuri ina namna yake ya kukuangusha, na hii wakazi wa kando ya ziwa wanapaswa kuijua. Panda feri ya kwenda Kamanga huku VPN ikiwa imewashwa. Katikati ya maji simu inapoteza mnara, inatafuta mwingine, intaneti inakatika na kurudi. Ile njia iliyosimbwa huweza kuvunjika, na kukawa na sekunde kadhaa kabla haijajengwa upya. Kwenye sekunde hizo WhatsApp, barua pepe na kurasa zilizokuwa wazi zinaweza kutoka moja kwa moja kwa anwani yako halisi, bila kukuuliza. Kwenye Android tiba yake iko ndani ya mipangilio ya VPN: bonyeza alama ya gia pembeni ya jina la programu, washa `Always-on VPN` na `Block connections without VPN`. Kuanzia hapo mnara ukipotea, kila kitu kinasimama mpaka njia irudi. Utaudhika kidogo, na hiyo ndiyo dalili kwamba inafanya kazi. Mwenye kompyuta anaweza kujihakikishia kwa amri hii, mara moja VPN ikiwa imezimwa na mara moja ikiwa imewashwa:

```
curl https://api.ipify.org
```

Namba mbili zikifanana, hakuna VPN hapo, hata kama alama inawaka.

Na jambo la sheria lisipitwe. Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni zinazohitaji VPN kutoa taarifa za matumizi yao, pamoja na anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Lilipingwa sana, na mimi nililiona si la haki. Lakini mtu asidanganyike kwamba VPN yake haijulikani kuwapo. Kampuni ya simu inaona waziwazi kwamba laini hii inaongea na seva ya VPN. Isichoona ni unakokwenda nayo huko mbele.

Twende kwenye Tor. Wazo lake lilizaliwa miaka ya 1990 kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, na sasa linasimamiwa na shirika lisilo la kibiashara, Tor Project, lililoanzishwa mwaka 2006. Vituo vyenyewe ni maelfu ya seva zinazoendeshwa na watu wa kujitolea, vyuo na vyama katika nchi nyingi, Ujerumani ikiwa na vingi mno. Karani anapakua Tor Browser, anafungua, anasubiri, kisha anakwenda kwenye tovuti ya gazeti kama kawaida.

Kilichofanyika wakati akisubiri ni hiki. Kivinjari kimechukua orodha ya vituo vyote, kikachagua vitatu: cha kuingilia, cha kati na cha kutokea. Kimekubaliana ufunguo na kila kimoja peke yake. Picha za daftari la mizani zinafungwa kwa tabaka tatu. Kituo cha kuingilia kinaona anwani ya karani, kinavua tabaka moja, na chini yake kinakuta maelezo ya kituo cha kati tu. Gazeti hakilijui. Kituo cha kati kinajua kimepokea kutoka kituo fulani na kinapeleka kituo fulani, hakimjui karani wala gazeti. Cha kutokea kinavua tabaka la mwisho, kinaona jina la tovuti ya gazeti, na hakina habari kama mtumaji yuko Nyasaka au Norway. Gazeti linapokea na kuandika anwani ya kituo cha kutokea. Kwenye seva yake mistari mitatu ya usiku mitatu tofauti ingesomeka hivi:

```
203.0.113.45   (bila kitu)
198.51.100.7   (VPN)
192.0.2.88     (Tor)
```

Mstari wa pili na wa tatu vinafanana sura. Kwa gazeti ni sawasawa, yote ni anwani ya ugenini. Tofauti iko nyuma yake. Mwenye 198.51.100.7 akibanwa anaweza kumtaja karani. Mwenye 192.0.2.88 akibanwa anaweza kutaja kituo kilichomletea, basi. Huyo naye akipatikana, na kama bado anakumbuka chochote, atakitaja cha kuingilia. Hakuna hata mmoja wa kukuomba umwamini, kwa sababu hakuna mwenye picha nzima ya kutunza au kuuza.

Hiyo haina maana Tor haihitaji imani. Inahitaji, ila ya namna nyingine: unaamini kwamba kituo chako cha kuingilia na cha kutokea havimo mikononi mwa mtu mmoja. Programu inajitahidi kwa upande wake. Haichagui vituo viwili vyenye anwani za jirani, wala viwili vilivyotangazwa kuwa vya mwenyewe mmoja. Kituo cha kuingilia hukaa nacho miezi, maana ukibadilisha kila siku, siku moja utaangukia kwa mtu mbaya. Lakini wabaya wapo na wanajaribu. Mwaka 2021 mtafiti mmoja alionyesha kwamba kuna mtu au kundi lisilojulikana lililokuwa limeendesha mamia ya vituo kwa miaka, vingi vikiwa vya kuingilia na vya kati, bila kutangaza kwamba ni vya mwenyewe mmoja. Vilitolewa kwenye orodha, na aliyeviendesha hakujulikana.

Kituo cha kutokea kina hatari yake. Kinavua tabaka la mwisho la Tor, kwa hiyo kama tovuti haina HTTPS kinasoma kila neno. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja wa usalama wa Sweden aliweka vituo vichache vya kutokea na akakusanya nywila za barua pepe za balozi mbalimbali, kwa kuwa Tor haisimbi barua hadi mwisho wa safari. Toleo la sasa la Tor Browser linadai HTTPS kila mahali na hukuonya tovuti isipokuwa nayo. Likikuonya usibonyeze kuendelea. Fomu ya gazeti ikiwa haina kufuli, kituo cha kutokea kitaziona picha za mizani kabla ya mhariri.

Nimefika sasa kwenye sehemu ninayotaka mtu wa hapa aifikirie kwa utulivu, kwa sababu maelezo mengi ya Tor yameandikwa na watu wa nchi ambako watumiaji wake ni wengi na tovuti ziko kila pembe ya dunia. Kwetu mambo mawili yanabadilisha hesabu.

La kwanza ni udogo wa umati. Anwani za vituo vya kawaida vya Tor ni orodha ya wazi, kila mtu anaipata. Kwa hiyo kampuni ya simu au ruta ya kiwanda haioni gazeti, lakini inaona kwamba kifaa hiki kimeingia Tor saa 21:14. Desemba 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard alituma vitisho vya bomu ili aukwepe mtihani. Alipitia Tor, na barua pepe ya muda. Tor haikuvunjwa. Wapelelezi waliona barua imetoka kwenye Tor, chuo kikaangalia kwenye mtandao wake wenyewe ni nani walioingia Tor saa zile, wakaenda kuwauliza, naye akakiri. Sasa weka hilo kwenye waifai ya kiwanda cha minofu. Gazeti likichapisha habari na kusema picha zilifika usiku wa tarehe fulani, mwajiri hana haja ya kujua Tor inafanyaje kazi. Anamwuliza mtu wa kompyuta: usiku ule nani humu ndani alitumia kitu hiki? Jibu litakuwa jina moja. Pengine karani angekuwa salama zaidi kwa VPN iliyoko kwenye simu za wafanyakazi nusu kiwanda kuliko kwa Tor iliyoko kwake peke yake. Sisemi VPN ni bora, nasema kuwa wa peke yako ni ushahidi.

La pili ni kwamba ncha zote mbili ziko nchini. Data za karani zinatoka Mwanza, zinazunguka Ujerumani na kwingine kote, kisha zinarudi kwenye seva ya gazeti, ambayo huenda imepangishwa Dar es Salaam. Tor haifichi saa wala ukubwa. Mtu mwenye uwezo wa kuangalia ncha zote mbili ataona laini moja ya Mwanza ikipeleka MB 6 ndani ya Tor kuanzia 21:14:07, na seva ya gazeti ikipokea MB 6 kutoka Tor sekunde hizohizo. Hana haja ya kufungua tabaka hata moja. Waliounda Tor wamelisema hili tangu mwanzo, kwamba haimzuii anayeona mwanzo na mwisho. Vituo vitatu vya ugenini havisaidii kitu ikiwa mwangalizi mmoja amesimama kwenye milango yote miwili hapa nyumbani. Kwa kiwanda cha samaki hilo halina uzito, hakina macho ya hivyo. Kwa anayemwogopa mwenye madaraka, ndilo la kwanza kupima.

Udogo wa umati una dawa ya kiasi. Tor Browser ina madaraja, yaani vituo vya kuingilia visivyo kwenye orodha ya wazi, na njia za kuyavalisha mawasiliano sura nyingine, kama `obfs4`, `Snowflake` na `WebTunnel`. Ukiingia kwenye mipangilio ya `Connection` unachagua mojawapo. Inapunguza sana uwezekano wa ruta kutambua kwamba ni Tor, ingawa si ahadi ya milele. Wapo wanaoshauri kuwasha VPN kwanza halafu Tor ndani yake. Inawezekana, na kampuni ya simu itaona VPN tu. Lakini hapo umemrudisha dalali mlangoni, naye atajua kwamba wewe ni mtumiaji wa Tor, na kama ulimlipa kwa kadi anajua na jina. Mimi kwa kisa cha karani ningechagua daraja.

Kuna yale ambayo hakuna njia hata moja inayoyagusa, nayapitia haraka. Tor Browser inaficha kilicho ndani yake peke yake. WhatsApp kwenye simu hiyohiyo inaendelea kutoka kwa anwani ya kawaida. Ukiingia kwenye akaunti yako ya Facebook ndani ya Tor umejitambulisha kwa mdomo wako. Picha inaweza kubeba ndani yake aina ya simu, saa na hata mahali ilipopigwa. Na ukurasa wa daftari la mizani wenye mwandiko wa zamu ya usiku unaweza kumtaja aliyekuwa zamu bila anwani yoyote.

Si kila mtu ni karani huyu. Mfanyabiashara wa mabondo ya samaki anayetaka kuangalia bei kwenye tovuti ya mnunuzi wa ng'ambo bila mnunuzi kujua kwamba anayechungulia yuko Mwanza, huyo anamficha mtu mmoja kitu kimoja. VPN ya kulipia inamtosha kabisa, na Tor ingemchelewesha bure, maana kila ukurasa unazunguka vituo vitatu na tovuti nyingi zinakataa wageni wa Tor au zinawasumbua kwa mafumbo ya picha. Anayeogopa waifai ya hoteli naye VPN inamfaa. Huduma za benki usizipeleke kwenye Tor, akaunti huenda ikafungiwa kwa kuonekana inaingia kutoka nchi ya ajabu. Tor ninamwekea yule ambaye hawezi kumudu kuwapo mtu hata mmoja, popote, mwenye kujua pande zote mbili.

Karani wetu ni wa kundi hilo. Ushauri wangu kwake ungekuwa asitumie waifai ya kiwanda kabisa, atumie daraja, afute taarifa zilizomo ndani ya picha, asipige picha ukurasa wa zamu yake mwenyewe, na asitume usiku uleule wa tukio.

Lakini mzigo mkubwa nauweka kwa upande wa pili, kwa vyumba vya habari. Gazeti lenye nia linaweza kuweka anwani ya kupokelea habari inayoishia na `.onion`, ambayo haina kituo cha kutokea. Mtumaji na mpokeaji wanakutana ndani ya Tor yenyewe, na seva ya tovuti ya kawaida haiandiki mstari wowote. Kuna programu huria ya kazi hiyo, SecureDrop, inayotumiwa na magazeti kadhaa makubwa ya nje. Ikishindikana, basi angalau seva iache kuandika anwani za wanaofungua ukurasa wa kutuma habari, jambo ambalo fundi wa seva analimaliza kabla ya chai ya saa nne. Na kabla hata ya hilo, waangalie fomu yenyewe. Fomu nyingi za "tutumie habari" zina sehemu ya jina kamili na ya namba ya simu, zote zikiwa na kinyota chekundu, na ukiziacha wazi kitufe cha kutuma hakibonyezeki.